Futi Moja ni Robo Sekunde: Kupima Maji ya Kisima Bila Mita

Msomaji mmoja wa Dodoma ameniandikia kuhusu kisima chake. Kimechimbwa kwa mashine, pampu imeshushwa, na fundi anadai malipo ya mwisho kwa kuwa, kwa maneno yake, kisima kinatoa lita 10,000 kwa saa. Bomba linalomwaga maji shambani ni la chuma, la inchi mbili. Mita hakuna. Swali lenyewe ni fupi: "Nikishajua bomba ni la inchi mbili, siwezi kujua linatoa maji kiasi gani?"

Huwezi. Bomba hilohilo linaweza kutoa maji ya kunawa mikono au ya kujaza boza, kutegemea maji yanakimbia kiasi gani ndani yake. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97, aliwapimia watu mgawo wao kwa ukubwa wa mdomo wa bomba. Aliona kwamba maji yanayokuja kwa mbio huzidi kipimo, lakini hakuwa na njia ya kuitia mbio hiyo kwenye hesabu. Ilichukua karne nyingi hadi Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galilei, alipoandika mwaka 1628 kwamba eneo la njia ya maji na kasi yake ni lazima vizidishwe pamoja.

Kabla ya kuzidisha, kuna neno linalonisumbua. Mtaani tukiona maji machache tunasema "hayana presha", na tukiona mengi tunasema "yana presha". Presha ni msukumo tu. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba, presha utaihisi, na tone halipiti. Vitabu vingine husema "kiwango cha mtiririko", ila mtiririko kwangu ni mwendo, na maji ya mto mpana yanaweza kutiririka polepole huku yakiwa mengi mno. Ninachotaka ni neno la ujazo unaotoka kila dakika, na nimeamua kuliita mmiminiko, kutokana na kumimina, kwa sababu anayemimina huwa anatazama chombo kinajaa vipi. Kasi ni mita kwa sekunde. Mmiminiko ni lita kwa dakika. Kipenyo tunacho tayari, na sijui kama kuna mahali neno hilo linakaa vizuri kuliko kwenye bomba, ambako kweli kuna kitu kinapenya.

Sasa fikiria maji yanayotoka mdomoni mwa bomba kwa dakika moja, na uyafikirie yamegeuka gogo. Unene wa gogo ni uwazi wa ndani wa bomba. Urefu wake ni umbali ambao maji yamekwenda katika dakika hiyo: kasi ikiwa mita moja kwa sekunde, gogo lina mita 60. Ujazo wa gogo ndio mmiminiko. Ukiandika kipenyo cha ndani kwa sentimita na kasi kwa mita kwa sekunde, hesabu inakuwa hii:

lita kwa dakika = 4.71 × kipenyo × kipenyo × kasi

Hiyo 4.71 ni pai iliyogawanywa kwa nne, ikazidishwa kwa sita ili sekunde na sentimita zigeuke dakika na lita. Tuiache hapo. Cha kuangalia ni kwamba kipenyo kimeingia mara mbili, kwa hiyo kosa dogo la kukipima linakuwa kosa kubwa la maji.

Kipenyo unakipima kwa rula. Kasi je? Hapa ndipo jambo hili linaponipendeza kuliko yote, kwa sababu kasi nayo inapimwa kwa rula, bila saa.

Mweke mtoto kwenye tawi la mwembe, ana maembe mawili. Moja analiachia lianguke. Jingine, wakati uleule, analirusha mbele sawasawa, bila kulielekeza juu wala chini. Lipi linagusa ardhi kwanza? Watu wengi hujibu ni lile lililoachiwa, maana la pili lina safari ndefu. Yanafika pamoja. Kwenda mbele hakulizuii embe kuanguka, na kuanguka hakulizuii kwenda mbele. Ni kazi mbili zinazofanyika kwa wakati mmoja bila kuombana ruhusa. Galilei aliliweka wazi jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638.

Mpe sasa mtoto huyo kikapu kizima, arushe maembe mfululizo, yote kwa nguvu ileile. Kila embe litapita njia ya lililotangulia. Ukitazama kwa mbali utaona upinde wa maembe umetulia hewani, ingawa hakuna embe hata moja lililotulia. Akiongeza nguvu, upinde unanyooka na kwenda mbali. Akichoka, unajikunja karibu na shina. Umbo la upinde peke yake linakwambia mkono wake una nguvu gani, hata kama hukumwona akirusha.

Maji yanayotoka kwenye bomba lililolala ni maembe hayo. Kila tone linatoka likiwa na kasi ya mbele liliyopewa na pampu, na papo hapo linaanza kuanguka. Katika robo ya sekunde ya kwanza kitu chochote kinachoanguka hushuka karibu sentimita 30.5, yaani futi moja. Haijalishi ni embe, jiwe au maji. Kwa hiyo ukitafuta mahali ambapo upinde wa maji umeshuka futi moja, umepata mahali ambapo kila tone lina umri wa robo sekunde tangu lilipotoka bombani. Umbali wa mbele kutoka mdomoni hadi hapo ni safari ya robo sekunde. Zidisha kwa nne, unayo kasi. Kila sentimita 25 za mbele ni mita moja kwa sekunde. Saa ya kazi hii ni anguko lenyewe, na haihitaji betri.

Nilimweleza msomaji wangu atengeneze kipimo cha fito mbili za mbao zilizopigwa misumari kwa umbo la herufi L. Mkono mfupi unashuka futi moja, na rula ya shule ya sentimita 30 inatosha kwa kuukata. Mkono mrefu unalazwa juu ya bomba na kusogezwa mbele taratibu hadi ncha ya mkono mfupi iguse mgongo wa maji. Kisha unapima kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye mkono mfupi. Unapima mgongo wa maji kwa sababu tone la mgongoni lilitoka kwenye ukingo wa juu wa bomba, hapohapo fito ilipolala, na unene wa chuma unaweza kuuongeza kwenye urefu wa mkono mfupi.

Bomba lilale sawasawa kabisa. Chombo cha kuhakikisha hilo kila fundi ujenzi anacho, na kinaitwa pimamaji. Nimefurahi mno kupata kazi ambayo ndani yake pimamaji linapima maji kweli.

Jioni alinipigia simu. "Dada, ni sentimita 28. Nimerudia mara tatu pamoja na kijana wangu." Nikamuuliza kipenyo. "Sita kasoro kidogo." Nikamwomba azime pampu, aingize rula mdomoni mwa bomba na kupima uwazi peke yake, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Akarudi: 5.2.

Tuhesabu. Sentimita 28 kwa robo sekunde ni sentimita 112 kwa sekunde, yaani kasi ya mita 1.12. Kipenyo 5.2 mara 5.2 ni 27.04. Mara 4.71, mara 1.12, tunapata lita 143 kwa dakika. Gogo lake lina urefu wa mita 67. Kwa saa ni lita 8,560 hivi.

Angetumia ile sita ya nje, hesabu ingempa lita 190 kwa dakika, zaidi ya 11,000 kwa saa, na fundi angelipwa palepale. Sentimita 0.8 za chuma zingegeuka theluthi nzima ya maji ambayo hayapo. Mabomba ya plastiki ya PPR yana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa namba iliyoandikwa ubavuni ni kipenyo cha nje. Lile la milimita 25 la ukuta mnene wa milimita 4.2 lina uwazi wa milimita 16.6 tu. Kwa kasi ya mita moja, namba ya ubavuni inaahidi lita 29 kwa dakika, na zinazopita ni 13.

Nilitaka uthibitisho, naye pia. Ndoo ya lita 20 ingejaa chini ya sekunde tisa huku ikirusha maji pembeni, na kuchelewa sekunde moja kuibonyeza saa kungeharibu kipimo chote. Kwa hiyo alitumia pipa la lita 200. Kwa hesabu ya rula lilipaswa kujaa kwa sekunde 84. Lilijaa kwa 87. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ambayo mkono unaotetemeka kwenye fito unaweza kuileta.

Njia hii inataka bomba lijae. Chungulia mdomoni: ukiona uwazi wa hewa juu ya maji, gogo lako halina unene uliouhesabu na jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli. Mdomo ukiinuka juu kidogo, maji yatafika mbali zaidi na jibu litadanganya vivyo hivyo. Kona iliyo karibu na mdomo nayo huyavuruga maji, kwa hiyo kipande cha mwisho kiwe kirefu na kilichonyooka.

Alipima saa moja baada ya pampu kuwashwa. Nimemwambia aiache ifanye kazi kutwa nzima, kisha apime tena, kwa sababu maji ndani ya kisima hushuka kadiri yanavyovutwa, pampu inalazimika kuyapandisha kutoka chini zaidi, na upinde unazidi kujikunja. Kipimo cha jioni ndicho cha kumwonyesha fundi. Kwa bomba lake, lita 10,000 kwa saa ni mgongo wa maji kufika karibu sentimita 33 kutoka mdomoni, futi moja chini. Kwenye 28, hazijatimia.