Barua ya Onyo kwa Anayechelewa Kazini: Saa Zinasemaje?

Kichwa cha barua hii wengi wanakijua: YAH: ONYO KWA KUCHELEWA KAZINI MARA KWA MARA. Chini yake hufuata sentensi ya “imebainika kuwa una tabia ya kuchelewa”, kisha tishio la hatua kali, kisha sahihi na muhuri. Barua ya namna hiyo haina nguvu. Haimwambii mfanyakazi alichelewa siku gani, alitakiwa kufika saa ngapi na alifika saa ngapi, kwa hiyo hawezi kukubali wala kukana. Na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, mtu akiachishwa kazi, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, neno “tabia” halithibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni saa mbili zilizowekwa pamoja: saa ya ratiba na saa iliyorekodiwa. Tuchukue mfano wa karani wa ghala jijini Dar es Salaam. Mkataba wake unasema kazi huanza saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kanuni za kampuni zinaruhusu dakika 10 za uvumilivu. Mlangoni kuna mashine ya alama za vidole. Tarehe 26 Mei 2025 afisa utumishi anaandika onyo akitaja siku tano za mwezi huo: tarehe 5 alifika saa 2:23, tarehe 7 saa 2:31, tarehe 13 saa 2:19, tarehe 20 saa 2:42 na tarehe 23 saa 2:27. Jumla ni dakika 142.

Hapo barua inaonekana imekamilika. Lakini kabla ya kutia sahihi, kila mstari unastahili kukaguliwa, kwa sababu mashine inarekodi jambo moja tu: dakika ambayo kidole kilisomwa. Hairekodi dakika ambayo mtu alifika.

Tarehe 13 ni mfano wa tofauti hiyo. Siku hiyo karani alikuwa amebeba mifuko ya saruji tangu jana yake, na ngozi ya vidole ilikuwa imesuguka. Mashine ilimkataa mara kadhaa, foleni nyuma yake ikakua, akapisha wenzake wapite. Aliporudi ikamkubali saa 2:19. Daftari la mlinzi wa getini linaonyesha alipita saa 1:52 asubuhi. Yeyote anayeandika onyo bila kufungua daftari hilo anamwadhibu mtu aliyewahi kazini. Watu wa ghala, wa ujenzi na wa jikoni hukutana na shida hii mara nyingi, kwa sababu kazi zao zinakula ngozi au zinaacha vidole vimelowa.

Mashine yenyewe nayo hupotea. Betri ya ndani ikichoka, umeme ukikatika saa inaweza kurudi nyuma au kusimama, na hata ikiwa nzima inaweza kuteleza dakika chache kila mwezi. Kuitambua kasoro hii si kazi ngumu: toa ripoti ya wafanyakazi wote wa siku hiyo. Ikiwa karibu wote wamechelewa kwa kiasi kilekile, aliyekosea ni mashine. Ilinganishe saa yake na ya simu iliyo kwenye mtandao, uandike tofauti na tarehe uliyoiona, kwa sababu wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka.

Tarehe 20 ndiyo inayonigusa zaidi, na nadhani ndiyo inayosahauliwa katika ofisi nyingi. Ripoti ya mashine ina safu ya kuingia na safu ya kutoka, lakini mwandishi wa onyo husoma ya kuingia peke yake. Ukitazama safu ya kutoka ya Jumatatu tarehe 19, utaona karani huyu alitoka saa 4:48 usiku. Kontena lilichelewa kuletwa, akaambiwa abaki hadi lipakuliwe. Kifungu cha 24 cha Sheria kinampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa hali chache tu, kama vile anayeishi palepale kazini. Karani wetu haishi ghalani. Saa 12 zake zilikuwa zinakwisha saa 4:48 asubuhi ya Jumanne, naye alikuwa mlangoni tangu saa 2:42. Kumwandikia kwamba amechelewa dakika 42 ni kumpa onyo kwa ripoti ileile inayoonyesha kwamba mwajiri ndiye aliyemnyima mapumziko.

Zinabaki siku tatu, yaani tarehe 5, 7 na 23, na dakika 81. Hizo hazina maelezo mengine: mashine ilikuwa sawa, daftari la getini linakubaliana nayo, na siku ya kazi iliyotangulia alitoka kwa wakati. Siku tatu zilizohakikiwa zinatosha kabisa kwa onyo, na zina uzito kuliko tano ambazo mbili zitaangushwa na daftari la mlinzi na safu ya pili ya ripoti. Mstari mmoja wa uongo ukigundulika, msikilizaji wa shauri anaanza kuitilia shaka hata iliyo ya kweli.

Basi kiini cha barua iliyonyooka kinaweza kusomeka hivi:

“Kwa mujibu wa kifungu cha mkataba wako kinachohusu saa za kazi, unatakiwa kufika saa 2:00 asubuhi. Kumbukumbu za mashine, zilizolinganishwa na daftari la getini, zinaonyesha ulifika saa 2:23 asubuhi tarehe 5 Mei, saa 2:31 asubuhi tarehe 7 Mei na saa 2:27 asubuhi tarehe 23 Mei 2025. Nakala ya kumbukumbu hizo imeambatishwa. Tafadhali toa maelezo yako kwa maandishi.”

Mashine huchapisha 08:23, nasi tunasema saa 2:23 asubuhi. Andika kwa namna mfanyakazi anavyoisema saa yake, uambatishe karatasi ya mashine kama ilivyotoka, na usichanganye mitindo miwili ndani ya aya moja. Ratiba inayotajwa iwe ile iliyokuwa ikitumika siku hizo. Ikiwa shifti ilibadilishwa kwa ujumbe wa simu, ujumbe huo nao uambatishwe.

Kuna ukaguzi mmoja zaidi ambao mwajiri anapaswa kuufanya akiwa peke yake na ripoti. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka kanuni ya kazini iwe wazi, ifahamike kwa mfanyakazi, na itumike kwa wote bila upendeleo. Kama mwenzake wa dawati la pili amefika saa 2:30 mara sita mwezi huohuo na hajaandikiwa hata mstari, onyo hili lina ufa ambao hakuna muhuri utakaouziba.

Kwa upande wa anayepokea, kutia sahihi ya kupokea si kukiri kosa, hivyo hakuna sababu ya kuikataa karatasi. Soma kila tarehe, kisha andika kwa mkono karibu na sahihi yako, kwa mfano: “Nimepokea tarehe 26 Mei. Sikubaliani na tarehe 13 na 20, maelezo yanafuata.” Omba ripoti kamili ya mwezi, ya kuingia na ya kutoka, uulize na daftari la getini kabla halijajaa na kuwekwa stoo. Maelezo yako uyapeleke kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.