Kimea cha Uji wa Mtoto Hupimwaje?

Mama anapotia kijiko cha kimea cha ulezi katika uji mzito, uji hulainika bila kuongezewa maji, na mtoto hupata chakula kingi kwa vijiko vichache. Kinachofanya kazi hiyo ni amilasi, kimeng'enya kinachokata wanga, ambacho hata mate yetu yanacho. Lakini vimea havilingani nguvu. Kwa hiyo tunawaeleza vijana wetu wa sekondari hapa Geita namna ya kukipima.

Koroga gramu 1 ya kimea katika mililita 20 za maji, kisha chuja. Katika neli tia mililita 5 za maji ya wanga uliopikwa na mililita 1 ya bafa ya pH 5.5, uiweke katika maji ya nyuzi 40. Ongeza mililita 1 ya maji ya kimea na uanze kuhesabu muda. Kila dakika, dondosha tone juu ya iodini iliyo kwenye kigae cheupe. Buluu ikikoma kutokea, wanga umekwisha kukatwa.

Tuseme kimea kimoja kimechukua dakika 4 na kingine 12. Cha kwanza kina nguvu mara 3, mradi joto na pH havikubadilika.

Rudia kwa maji ya kimea yaliyochemshwa: buluu haitaondoka, kwani moto umeharibu amilasi. Ndiyo maana kimea hutiwa uji ukishapoa kidogo. Ukilainika, huchemshwa tena kuua vijidudu.