Aliyesimama Nyuma ya Lara Croft

Mwishoni mwa Tomb Raider II, gemu lililotoka mwaka 1997, Lara Croft yuko nyumbani kwake. Maadui wote wamekwisha kufa, naye amevaa gauni la kuogea, tayari kuingia bafuni. Anaanza kulifungua, kisha anasita. Anageuka, anatazama moja kwa moja kwenye skrini, anamuuliza mchezaji kama hajatosheka na aliyokwisha kuyaona, halafu anachukua bunduki na kuifyatulia kamera. Skrini inakuwa nyeusi.

Ni mzaha, lakini unafichua mengi. Waliotengeneza gemu walikuwa na picha kamili ya mtu aliyeshika pedi: kijana wa kiume mwenye macho ya tamaa. Wakamwekea chambo, kisha wakamcheka. Mwanamke au msichana aliyemaliza gemu lile usiku mzima kwa jasho lake alipigwa risasi kwa kosa asilolifanya. Tukitaka kujua mashujaa wa kike wamebadilika vipi katika magemu, tusianzie kwenye nguo zao. Tuulize gemu linadhani nani anacheza, na linataka amwoneje mwanamke aliye mbele yake.

Dhana hiyo kuhusu mchezaji ilianza mapema. Mwaka 1981, katika Donkey Kong, mwanamke alikuwa juu ya jengo akipiga kelele huku mwanamume akipanda kumwokoa, yaani alikuwa zawadi. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa Metroid, na shujaa wake, Samus Aran, alifunikwa na deraya kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Mchezaji aliyemaliza haraka ndiye aliyegundua kwamba ndani ya deraya alikuwamo mwanamke. Kadiri ulivyozidi kuwa na kasi, ndivyo Samus alivyozidi kuvua: chini ya saa moja, ulimkuta amebaki na bikini. Shujaa aliyeangamiza ngome nzima ya maadui anageuka kuwa zawadi mwishoni mwa gemu lake mwenyewe. Nafasi ilikuwa imebadilika, ila zawadi ilikuwa ileile.

Lara alizaliwa mwaka 1996 katika kampuni ya Core Design, mjini Derby, Uingereza. Mchoraji wake, Toby Gard, alikuwa ameanza na mhusika aitwaye Laura Cruz kabla ya kumfanya Mwingereza wa tabaka la juu. Tomb Raider ilikuwa ya pande tatu, na kamera iliwekwa nyuma ya mhusika, kwa hiyo mchezaji alimtazama mgongoni kwa saa nyingi. Kamera ya namna hiyo ina njia mbili. Yaweza kukufanya uhisi kwamba wewe ndiye unayeruka, na yaweza kukufanya mtazamaji wa mwili wa mwenzako.

Wengi husahau kwamba ndani ya gemu lile la kwanza Lara hakuwa mwanasesere. Mazoezi yalifanyika katika jumba lake, na mwalimu alikuwa yeye mwenyewe: alikukaribisha kwake na kukuonyesha jinsi ya kuruka na kuogelea. Makaburi yalijengwa kwa vitalu vya mraba, hivyo kila mruko ulikuwa hesabu. Ulirudi nyuma hatua, ukakimbia, ukabonyeza kwa wakati wake, la sivyo alivunjika shingo. Aliyecheza kwa makini alijifunza kuupima umbali kwa mwili wa Lara. Nathubutu kusema kwamba katika kucheza kwenyewe, Lara wa 1996 alikuwa na heshima kuliko wengi waliomfuata.

Lakini gemu huuzwa pia, na wauzaji walikuwa kampuni ya Eidos. Kwenye mabango na majarida Lara alilala, alijipinda, alivaa mavazi ambayo hakuwahi kuyavaa makaburini. Wanamitindo wa kweli waliajiriwa kuvaa kaptura yake. Gard hakupendezwa na mwelekeo huo, na mwaka 1997 aliondoka Core Design. Taswira ya bango ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, hata wale ambao hawajawahi kushika pedi.

Mabadiliko makubwa yalikuja Machi 2013, pale kampuni ya Crystal Dynamics ilipomsimulia Lara upya. Mwandishi mkuu wa hadithi alikuwa mwanamke, Rhianna Pratchett. Lara sasa ni kijana aliyetoka chuoni, amevaa suruali ndefu, mwili wake ni wa mtu wa kawaida, na meli yake imevunjikia kisiwani. Analia, anaogopa, anajifunga majeraha. Wengi walishangilia, nami naona walikuwa na haki.

Hata hivyo, mwaka mmoja kabla, mtayarishaji mkuu wa gemu hilo alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba wachezaji hawajioni kuwa ni Lara, bali hutamani kumlinda. Kauli hiyo ilizua makelele, na kwa kweli inaeleza mengi yaliyomo ndani. Kuna tukio ambapo mwanamume anamkamata Lara na kuanza kumpapasa. Ukichelewa kubonyeza kitufe, anamnyonga mbele yako, na kamera haigeuki. Mahali pengine Lara anachukuliwa na maji ya mto; ukikosea njia, mti unamchoma shingoni, naye anakata roho polepole kwenye skrini nzima. Mwaka 1997 gemu lilikudhania mwenye tamaa. Mwaka 2013 lilikudhania mlinzi, na likakuadhibu kwa kukulazimisha kutazama mateso yake. Katika magemu yote mawili, mtu anayefikiriwa yuko nje ya Lara.

Kuna ufa mwingine pia. Lara anapoua mtu kwa mara ya kwanza anatetemeka. Dakika chache baadaye mchezaji anapewa pointi kwa kupiga vichwa vya makumi ya watu. Hadithi inasema huyu ni binti aliyejeruhiwa, ilhali vitufe vinasema ni askari. Wanaotaka kupima gemu lolote waangalie hapo: je, mikono yako inafanya kile ambacho hadithi inasimulia?

Kwa ujumla, hali imesogea. Utafiti wa Teresa Lynch na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulichambua wahusika wa kike 571 wanaochezeka, kuanzia 1983 hadi 2014. Ulikuta kwamba kuwachora kama vyombo vya tamaa kulifikia kilele miaka ya 1990, kisha kukapungua. Ulikuta pia kwamba wahusika wakuu wa kike walichorwa kwa heshima zaidi kuliko wale wa pembeni, ila wengi walibaki pembeni. Upungufu wa nguo haukuwa tatizo peke yake. Kupewa nafasi ya mbele ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu uamuzi huo ulikuwa wa wenye fedha. Watengenezaji wa Remember Me, gemu la Kifaransa la 2013, walieleza kwamba baadhi ya wachapishaji waliwakataa kwa sababu shujaa wao ni mwanamke.

Hoja ya wachapishaji ilikuwa moja: shujaa wa kike hatauza. Sony nayo ilijadili hatari hiyo kabla ya kumruhusu Aloy awe shujaa pekee wa Horizon Zero Dawn, gemu lililotoka mwaka 2017. Aloy ni mwindaji, na kamera iko nyuma yake kama ilivyokuwa nyuma ya Lara, lakini macho ya mchezaji yanahitajika kwenye mitambo anayoiwinda: kujua sahani ipi ing'olewe kwa mshale, na mnyama yupi wa chuma ategwe kwanza. Gemu halimgeukii mchezaji kumkonyezea wala kumtaka amlinde. Hadi mwishoni mwa 2021 lilikuwa limeuza nakala zaidi ya milioni 20.