Maneno Elfu Mbili ya Mwanzo, Kisha Nini?

Mwaka 1921 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alitoa kitabu chenye maneno 10,000 ya Kiingereza yaliyopangwa kwa kadiri yanavyotumika. Kompyuta hazikuwapo. Biblia, fasihi, vitabu vya watoto, magazeti na barua vilipekuliwa, na maneno yakahesabiwa kwa mkono. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Brown kilikusanya maandishi yenye maneno yapatayo milioni moja na kuyahesabu kwa mashine. Neno *the* peke yake lilichukua karibu asilimia 7 ya yote.

Hivyo ndivyo lugha ilivyo: maneno machache hurudi karibu katika kila mstari, na mengi mno hujitokeza mara moja yakapotea. Mwanafunzi anayejifunza maneno kwa kufuata kurasa za kamusi kuanzia herufi ya A hutumia nguvu ile ile kwa neno atakaloliona kila siku na kwa neno ambalo huenda asilione tena maishani.

Aliyeifanya hesabu hii kuwa chombo cha darasani ni Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha Dhaka, Bengali, miaka ya 1920. Alitaka wanafunzi wake waweze kusoma Kiingereza mapema, akawaandikia vitabu vyenye maneno machache yanayorudiwarudiwa. Mwaka 1953 alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000, kila moja na maana zake zinazotumika zaidi. Hakutazama wingi wa matumizi tu. Alipima pia wepesi wa kujifunza neno na haja ya mwanafunzi kuwa nalo. Orodha hiyo imezeeka, na neno *computer* halimo. Mwaka 2013 Charles Browne na wenzake walitoa orodha mpya ya maneno kama 2,800, iliyojengwa juu ya mkusanyiko mkubwa zaidi wa maandishi ya siku hizi.

Maneno 2,000 ya mwanzo yanamfikisha msomaji wapi? Mtafiti Paul Nation wa New Zealand ameeleza kwamba katika gazeti la Kiingereza, elfu ya kwanza hufunika takribani robo tatu ya maneno yaliyo kwenye ukurasa. Elfu ya pili huongeza asilimia 5 hivi. Katika hadithi jumla hukaribia asilimia 87; katika maandishi ya kitaaluma hubaki chini ya 80.

Asilimia 80 husikika kuwa nyingi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Maana yake ni kwamba katika kila maneno matano, moja halijulikani, yaani mawili au matatu katika kila mstari. Mwaka 2000, Nation na mwenzake Hu waliwapa wasomaji hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalibadilishwa kuwa maneno yasiyo na maana. Waliosoma ile yenye asilimia 80 ya maneno halisi, hakuna aliyeielewa vya kutosha. Ili wengi wasome bila msaada, ilihitajika asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila 50. Kwa vitabu vya kawaida hilo hudai makundi ya maneno kati ya 8,000 na 9,000, kwa hesabu ya Nation ya mwaka 2006, ambapo neno na vinyambuo vyake huhesabiwa kuwa kundi moja.

Kutoka 2,000 hadi 8,000 ni safari ndefu. Swali la maana ni lipi lifuate, na jibu hutegemea anachosoma mtu.

Mfano mzuri ni mwanafunzi wa Tanzania anayetoka shule ya msingi ya serikali, alikosoma kwa Kiswahili, na kukuta kidato cha kwanza masomo karibu yote yako kwa Kiingereza. Tuseme tayari anayajua yale maneno 2,000, halafu katika biolojia anakutana na sentensi ya aina hii: *Chlorophyll in the leaves takes in light from the sun, and the plant uses that energy to convert water and carbon dioxide into glucose.* Ina maneno 24. Anayoyajua ni 18, sawa na asilimia 75. Anaelewa kwamba kuna majani, mwanga, jua, mmea na maji. Kinachofanyika baina yao hakijui, na ndicho kitakachoulizwa kwenye mtihani.

Maneno sita yaliyombakia si ya aina moja. *Chlorophyll*, *carbon*, *dioxide* na *glucose* ni ya somo lenyewe. Mwalimu atayaandika ubaoni na kuyaeleza, kwa kuwa hata mtoto wa London huyajifunza darasani. *Energy* na *convert* ni tofauti. Yatamkuta tena katika fizikia, jiografia na biashara, na mara nyingi hakuna atakayesimama kuyaeleza, maana kila mwalimu hudhani yanajulikana.

Maneno ya aina hii ndiyo Averil Coxhead wa New Zealand aliyakusanya mwaka 2000, akapata makundi 570 yanayojirudia katika taaluma mbalimbali nje ya zile 2,000 za West. Hufunika karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Elfu ya tatu ya orodha ya kawaida huongeza takribani asilimia 4 tu katika maandishi hayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeendelea na orodha kwa mpangilio wake anafanya kazi karibu mara mbili kwa faida isiyofika nusu. Msomaji wa riwaya hali yake ni nyingine, kwani 570 za Coxhead hazimwongezei hata asilimia 2. Yeye aendelee na elfu ya tatu na ya nne.

Orodha zina mipaka yake. *Leaves* katika sentensi ile ni majani, lakini kwingine ni kitendo cha kuondoka. Kompyuta inayosoma herufi tu huyahesabu pamoja. Vilevile, anayelijua *convert* si lazima alitambue *conversion*, ingawa kwenye hesabu yako kundi moja. Ndiyo maana asilimia zinazotajwa huwa juu kidogo kuliko anachokielewa msomaji halisi.

Kazi yenyewe huanza kwa kupitia orodha na kukata yanayojulikana, jambo linaloipunguza sana. Kisha kitabu kinachokusudiwa kusomwa kipimwe: yahesabiwe maneno 100 ya ukurasa wowote na kupigiwa mstari mageni. Yakizidi matano, kitabu hicho bado ni kizito kwa kujisomea peke yako. Vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa husaidia hapa. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, ngazi yake ya kwanza ina maneno 400 na ya sita 2,500. Humo neno lililokaririwa hukutwa tena na tena katika sentensi tofauti, na bila hivyo husahaulika upesi.

Mzazi mwenye mtoto aliyemaliza darasa la saba na anayesubiri Januari, basi, asikimbilie kununua kamusi nene. Amtafutie orodha ya maneno 2,000 na vitabu viwili vitatu vya ngazi za chini. Nao walimu wa kidato cha kwanza, wa masomo yote, wagawane zile 570 na kuyafundisha maneno hayo waziwazi, kama wanavyofundisha istilahi za masomo yao.