Herufi Mbili Mwishoni

Tazama kibao cha UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi: neno la mwisho ni "Programme". Ndivyo Waingereza waandikavyo ratiba, mradi au kipindi cha redio. Lakini maagizo yanayoendesha kompyuta, hata London, huwa "program". Wamarekani hutumia "program" kwa yote.

Ajabu ni kwamba "program" ndiyo kongwe katika Kiingereza. Mkia ule uliletwa na mtindo wa Kifaransa.

Kwa hiyo, kwa Kiingereza cha Uingereza, mafunzo ya kompyuta ni "training programme", ila anachoandika mwanafunzi humo ni "program". Kikagua tahajia hakitakusaidia: hukubali yote mawili. Na "programmer" hubaki na m mbili kotekote.