Nambari ya TSC Kwanza, Sifa Baadaye

Shule ya binafsi inapotangaza nafasi ya mwalimu mwezi wa Novemba, kabla ya muhula wa Januari, sanduku la barua pepe la mwalimu mkuu hujaa kwa siku chache. Nyingi ya barua hizo huanza kwa namna moja: mwombaji anasema ana bidii, anawapenda watoto na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Mwalimu mkuu husoma aya nzima bila kujua kama mtu huyu anaruhusiwa kisheria kuingia darasani, anafundisha somo gani, wala amezoea watoto wa umri gani. Mambo hayo matatu ndiyo anayoyatafuta. Yakikosekana mwanzoni, barua hufungwa.

Nazungumzia hapa shule za binafsi za Kenya, pamoja na walimu wanaoajiriwa na bodi za shule za umma, wale wanaoitwa walimu wa BOM. Ajira ya kudumu ya serikali ina njia yake: Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hutangaza nafasi na maombi huingizwa kwenye mtandao wake. Barua pepe kwa mwalimu mkuu haitakupatia kazi hiyo.

Usajili ndio mlango. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa na TSC, na katazo hilo linazifikia shule za binafsi pia. Kwa hiyo mwenye shule anayempa darasa mtu asiyesajiliwa anajitia hatarini yeye mwenyewe. Andika nambari yako ya usajili kwenye kichwa cha barua pepe na uirudie katika sentensi ya kwanza. Shule makini huithibitisha kwa TSC kabla ya kukuita, kwa kuwa Tume inaweza pia kumfuta mwalimu kwenye daftari, na cheti cha zamani kilichobaki mkononi hakionyeshi kwamba jina limeshaondolewa.

Wengi hukosea pale wanapochanganya kusajiliwa na kuajiriwa. Mwalimu anaandika kwamba “yuko TSC”, na msomaji anabaki akijiuliza kama ni mtumishi wa serikali anayetaka kuhama au ni mhitimu mwenye cheti cha usajili ambaye hajaajiriwa. Sema waziwazi: nimesajiliwa na TSC, sijaajiriwa na TSC. Na kama ombi la usajili halijakamilika, usiandike kwamba nambari “iko njiani” kana kwamba umeshaipata. Taja tarehe uliyowasilisha ombi na uambatishe uthibitisho wake. Mwalimu mkuu ndiye atakayeamua kama anaweza kusubiri, lakini asije akagundua jambo hilo siku ya mahojiano.

Jambo jingine dogo linaloangusha maombi ni jina. Cheti cha TSC kina jina la ukoo wa baba, kitambulisho kina jina la mume, na anwani ya barua pepe ina jina la utani la siku za chuo. Mkaguzi wa karatasi akikuta majina matatu, huliweka ombi kando. Tumia jina lililo kwenye cheti cha usajili, na kama limebadilika baada ya ndoa, lieleze kwa sentensi moja.

Kwa upande wa masomo, mwalimu wa sekondari nchini Kenya kwa kawaida huwa amesomea masomo mawili ya kufundishia, na usajili wake hutazama masomo hayo hayo. Taja yote mawili, kisha useme uliyoyafundisha kweli, maana mara nyingi hayafanani. Aliyesomea Kiswahili na Historia huenda alipewa Masomo ya Jamii katika sekondari msingi, au hata Dini kwa sababu shule ilipungukiwa na mwalimu. Hilo si aibu, ila liandikwe jinsi lilivyo. Kuorodhesha masomo sita kwa mkupuo kunamfanya msomaji ashuku kwamba hakuna hata moja unalolimudu.

Umri ndio watu huusahau zaidi, na siku hizi una uzito kuliko zamani. Kwa miaka kadhaa sasa Kenya imekuwa ikihama kutoka 8-4-4 kwenda mtaala wa umilisi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026. Kwa hiyo tajriba ya mwalimu imegawanyika kati ya vidato na gredi, na shule za mtaala wa Uingereza nazo zina hesabu yao ya madarasa. Umri wa mwanafunzi ndicho kipimo kinachoeleweka kote.

Chukua mfano wa mwalimu aliyefundisha Kidato cha 1 na cha 2 kuanzia 2021 hadi 2023, kisha Gredi ya 7 na ya 8 tangu 2024. Sasa anaomba nafasi ya Gredi ya 9 na ya 10. Akiandika majina ya madarasa peke yake, ataonekana hajawahi kuzigusa gredi hizo. Lakini Kidato cha 1 kilikuwa mwaka wa 9 wa masomo tangu darasa la kwanza, sawa na Gredi ya 9. Kidato cha 2 ni sawa na Gredi ya 10. Mtaala umebadilika, naam, ila kijana wa miaka 14 au 15 amemfundisha tayari. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

Kichwa: Ombi la kazi: Kiswahili na Historia, Gredi ya 9–10, TSC Na. ______

Kwa Mwalimu Mkuu,

Naomba nafasi ya mwalimu wa Kiswahili na Historia mliyoitangaza. Nimesajiliwa na TSC kwa nambari iliyo hapo juu. Sijaajiriwa na Tume. Nina shahada ya ualimu, na masomo yangu ni Kiswahili na Historia.

Tangu 2024 nafundisha Kiswahili na Masomo ya Jamii katika Gredi ya 7 na ya 8, wanafunzi wa miaka 12 hadi 14. Kati ya 2021 na 2023 nilifundisha Kiswahili na Historia katika Kidato cha 1 na cha 2, wanafunzi wa miaka 14 hadi 16. Sijafundisha Gredi ya 10 chini ya mtaala wa umilisi.

Nimeambatisha cheti cha TSC, cheti cha shahada na wasifukazi. Naweza kuanza muhula wa kwanza.

Baada ya hapo ni jina na nambari ya simu, basi. Shule nyingi zitataka barua hiyo kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni ule ule. Sentensi ya Gredi ya 10 isikutie hofu: mwalimu mkuu angeuliza vyovyote, na aliyeisema mapema huaminiwa na katika mengine.

Viambatisho viwe faili moja ya PDF, cheti cha TSC kikiwa ukurasa wa kwanza. Picha za vyeti zilizopigwa kwa simu huwa nzito na mara nyingi hazisomeki, na walimu wakuu wengi huzifungulia kwenye simu. Usitume picha za wanafunzi wala ripoti zenye majina yao kuonyesha kazi yako; ni siri za watoto wa watu. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, fungua faili yako kwenye simu ya mtu mwingine, umwombe akusomee nambari ya usajili. Akishindwa kuisoma, piga cheti upya.