Mechi 28, viwanja viwili, karatasi moja

Katibu wa ligi huandika mechi zikifuatana kutoka juu hadi chini. Kocha na mwamuzi wanataka kuona mara moja nani anacheza wapi Jumamosi hii. Excel mpya au Google Sheets inaweza kuigeuza orodha hiyo kuwa jedwali, tarehe zikiwa ubavuni na viwanja juu.

Tuchukue ligi ya kata yenye timu 8 zinazokutana mara moja moja. Hizo ni mechi 28, yaani nne kila wikiendi kwa wiki 7. Viwanja ni Shuleni na Sokoni, kila kimoja mechi moja kwa siku, kuanzia Jumamosi 1 Agosti 2026. Karatasi ya kwanza iite Mechi, na safu A hadi E zibebe tarehe, saa, uwanja, mwenyeji na mgeni.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni tarehe. Kompyuta iliyopangwa kimarekani husoma 01/08/2026 kuwa 8 Januari, lakini 15/08/2026 huiacha kama maandishi tu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15. Utaigundua kwa jicho: tarehe halisi hujipanga kulia kwa kisanduku, maandishi hubaki kushoto. Rekebisha mpangilio wa nchi kwanza, kisha uziandike upya. Saa nayo, ifanye safu yake iwe ya maandishi kabla ya kujaza, ili 10:00 ya jioni ibaki 10:00. La sivyo itatokea kwenye jedwali kama 0.4166.

Kwenye karatasi ya pili andika tarehe 14 kuanzia A2, na viwanja B1 na C1. Katika B2 weka:

```
=TEXTJOIN(CHAR(10),TRUE,IFERROR(FILTER(Mechi!$B$2:$B$29&" "&Mechi!$D$2:$D$29&" - "&Mechi!$E$2:$E$29,(Mechi!$A$2:$A$29=$A2)*(Mechi!$C$2:$C$29=B$1)),""))
```

Inakili kulia na chini, kisha washa `Wrap Text`. Visanduku ni 28, sawa na mechi, kwa hiyo jedwali linajikagua lenyewe. Kisanduku chenye mistari miwili ni mgongano wa uwanja. Kitupu ni mechi iliyopotea, na mara nyingi chanzo ni nafasi iliyoachwa bila kuonekana baada ya neno "Sokoni". Ila timu iliyopangiwa Jumamosi na Jumapili ya wiki moja haitajitokeza hivyo. Soma majina manane ya kila wikiendi, kila timu ionekane mara moja tu.

Chapisha kwa A4 iliyolala, ukiwa na mstari mnene baada ya kila Jumapili. Mvua ikiahirisha mechi, badilisha tarehe kwenye orodha, usiguse jedwali. Ikihamia Jumatano, ongeza mstari wa Jumatano hiyo na uunakilie fomula, maana bila mstari huo mechi haitaonekana popote. Andika pia pembeni tarehe ya kuchapishwa, ili nakala ya zamani ibanduliwe ukutani.